Miezi ya Bure Imo Ndani ya Pango: Mwongozo kwa Mpangaji wa Duka Voi

Voi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inapita hapo, ile ya Mwatate na Taveta inachepukia hapo, na tangu mwaka 2017 treni ya SGR ina stesheni yake mjini humo. Aliyejenga ghorofa katika mji kama huu hapendi kuona maduka ya chini yamefungwa mwezi baada ya mwezi, maana mlango uliofungwa humtia shaka mpangaji anayefuata. Kwa hiyo mazungumzo ya kukodi duka mara nyingi hayaishii kwenye pango la mwezi. Landilodi huongeza neno: "Miezi mitatu ya kwanza sikudai, tengeneza duka lako. Na ukitia saini wiki hii, nitakusaidia na pesa za rafu na bango."

Ofa kama hiyo ni nzuri, na mpangaji hana sababu ya kuikataa. Shida huanza anapofungua daftari la hesabu. Kwa miezi mitatu haandiki pango lolote, kwa sababu hajalipa. Zile pesa za rafu anaziandika kama mapato, kwa sababu zimeingia benki. Mwaka ukiisha, duka ambalo halijamaliza hata miezi sita linaonyesha faida ambayo haipo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika msamaha wa pango na mchango wa landilodi katika vitabu vya mpangaji. Kanuni yake haina utata: landilodi hajatoa zawadi, ameshusha bei. Na bei iliyoshuka ni ya muda wote wa mkataba, si ya miezi mitatu ya mwanzo. Landilodi mwenyewe alipokuwa akipiga hesabu alijua kwamba pango la miaka inayofuata litabeba ile miezi aliyosamehe. Mpangaji naye aihesabu hivyo hivyo: ajumlishe yote atakayolipa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, atoe yote atakayopewa na landilodi, kisha agawanye kwa miezi yote ya mkataba, ile ya bure ikiwemo.

Jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani katika viwango vya kimataifa vya uhasibu. Mwaka 1998 ilitolewa tafsiri iliyoitwa SIC-15, ikasema kwamba kila motisha ya landilodi ni sehemu ya bei ya upangaji, hata iwe ya namna gani na itolewe lini, na kwamba mpangaji aitandaze katika muda wote wa mkataba ili ipunguze gharama ya pango. Hata hivyo kampuni kubwa ziliendelea kuteleza. Mnamo Februari 2005 mhasibu mkuu wa tume ya masoko ya hisa ya Marekani alitoa barua iliyotaja makosa matatu ya wapangaji: muda wa kushusha thamani ya matengenezo ya duka, miezi isiyolipiwa pango, na michango ya landilodi. Migahawa na maduka mengi ya nchi hiyo yalilazimika kusahihisha hesabu zao, Starbucks na McDonald's yakiwemo. Ikiwa kampuni zenye wahasibu tele ziliteleza hapo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Voi ana kila sababu ya kuwa mwangalifu.

Kabla ya kushika kalamu, mpangaji ajue ni kiwango kipi kinachomhusu. Hapa Kenya kampuni zinazowajibika kwa umma, kama benki na zile zilizoorodheshwa katika soko la hisa, hutumia viwango kamili vya IFRS. Tangu tarehe 1 Januari 2019 pango lao linaongozwa na IFRS 16, ambayo hesabu yake ni tofauti na itaelezwa baadaye. Biashara nyingi za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta ni ndogo, na zinaweza kutumia toleo fupi la IFRS la biashara ndogo na za kati. Sehemu ya 20 ya toleo hilo inataka pango la kawaida la duka ligawanywe sawasawa katika muda wote wa mkataba. Toleo lake la tatu lilitolewa Februari 2025 na linaanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, na halikuwahamishia wapangaji wadogo hesabu ya IFRS 16. Kwa hiyo anayejifunza mgawanyo huu leo atautumia kwa miaka kadhaa ijayo.

Tuchukue mfano. Duka na watu wake ni wa kubuni, lakini masharti yake ni ya kawaida. Ndugu wawili wanakodi chumba cha chini cha ghorofa Voi ili wauze vifaa vya ujenzi. Mkataba ni wa miaka 5 na miezi 3, yaani miezi 63, kuanzia tarehe 1 Julai 2025 hadi 30 Septemba 2030. Miezi mitatu ya kwanza hailipiwi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 pango ni Sh84,000 kwa mwezi, linalolipwa mwanzoni mwa mwezi, kwa miezi 60. Baada ya saini, landilodi anawapa Sh315,000 za kuwasaidia kuweka rafu, kaunta na bango.

Muda huo wa miaka 5 na ushei haukuokotwa tu. Sheria ya Kenya ya maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, hulinda upangaji usio na maandishi, ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, na pia ule unaoweza kuvunjwa ndani ya miaka 5 kwa sababu nyingine isiyokuwa kukiuka masharti. Upangaji wa namna hiyo landilodi hawezi kuuvunja wala kupandisha pango bila kufuata utaratibu wa sheria hiyo, na mzozo hupelekwa mbele ya baraza la pango la majengo ya biashara. Malandilodi wengi hawautaki mlolongo huo, ndiyo sababu huandika mkataba unaopita miaka 5 na usio na kipengele cha kutoka mapema. Kwa mhasibu, hilo linarahisisha kazi: muda usiovunjika ni miezi 63, na ndio unaogawanya hesabu.

Sasa hesabu yenyewe. Pango litakalolipwa ni Sh84,000 mara miezi 60, yaani Sh5,040,000. Ukitoa mchango wa Sh315,000, inabaki Sh4,725,000. Ukigawanya kwa miezi 63, gharama ya duka hilo ni Sh75,000 kwa mwezi, kila mwezi, tangu ule wa kwanza ambao hakuna shilingi iliyotoka hadi ule wa mwisho. Anayetumia kompyuta aorodheshe malipo ya miezi yote 63 katika safu moja, aweke sufuri kwenye miezi mitatu ya mwanzo, kisha aandike:

```
=(SUM(B2:B64)-315000)/63
```

Orodha hiyo pia hukubali pango linalopanda. Mikataba mingi ya maduka husema pango litaongezeka kwa asilimia fulani kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Nyongeza ikiwa imetajwa katika mkataba, inaingia kwenye orodha mwezi kwa mwezi na wastani unajitengeneza wenyewe. Toleo la biashara ndogo linatoa ruhusa moja hapo: nyongeza iliyopangwa ifuatane na mfumuko wa bei unaotarajiwa kulingana na takwimu zilizochapishwa inaweza kuandikwa kadiri inavyokuja, bila kutandazwa. Tena, orodha iandikwe bila VAT kwa mpangaji aliyesajiliwa na anayerudishiwa ushuru huo. Asiyesajiliwa haidai VAT ya asilimia 16 inayotozwa kwenye pango la duka, kwa hiyo kwake hiyo ni sehemu ya bei na inaingia kwenye jumla.

Jambo linalowakosesha wengi ni tarehe ya kuanza kuhesabu. Ndugu wale walipokea funguo tarehe 1 Julai, fundi akashinda mle miezi mitatu akichomelea rafu na kupaka rangi, na duka likafunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mmoja wao huenda akasema gharama ianze Oktoba, kwa sababu kabla ya hapo hawakuuza hata msumari. Sivyo. Muda unaanza siku ambayo mpangaji ana haki ya kukitumia chumba, na siku hiyo ni ya funguo. Kuchomelea rafu pia ni kukitumia chumba. Lau wangeanza Oktoba, wangegawanya Sh4,725,000 kwa miezi 60 na kupata Sh78,750. Hesabu ya mwaka wa kwanza ingekosa gharama ya miezi mitatu, na kila mwezi uliofuata ungebebeshwa Sh3,750 za ziada. Hili ndilo mojawapo ya mambo yaliyosahihishwa na zile kampuni za Marekani mwaka 2005. Ili tarehe isibishaniwe, mpangaji aombe barua fupi ya kukabidhiwa funguo yenye saini ya landilodi na aiambatanishe na mkataba.

Maandishi ya daftari yanahitaji akaunti mbili za deni. Moja iitwe pango limbikizi, nyingine iitwe motisha ya landilodi iliyoahirishwa. Zinaweza kuunganishwa, lakini zikitengana humsaidia anayekagua, na humsaidia zaidi mpangaji siku ya kutoka.

Siku Sh315,000 zinapoingia, benki inadebitiwa na motisha iliyoahirishwa inakreditiwa kiasi hicho hicho. Hakuna kinachoingia kwenye mapato. Mwisho wa Julai gharama ya pango inadebitiwa Sh80,000, ambayo ni Sh5,040,000 kwa miezi 63, na pango limbikizi linakreditiwa Sh80,000. Papo hapo motisha iliyoahirishwa inadebitiwa Sh5,000, ambayo ni Sh315,000 kwa miezi 63, na gharama ya pango inakreditiwa Sh5,000. Inabaki gharama halisi ya Sh75,000. Agosti na Septemba ni vivyo hivyo. Kufikia tarehe 30 Septemba pango limbikizi limefika Sh240,000 na motisha imeshuka hadi Sh300,000, jumla Sh540,000.

Oktoba malipo yanaanza. Benki inakreditiwa Sh84,000. Kati ya hizo, Sh80,000 ni gharama ya mwezi huo, na Sh4,000 zinapunguza pango limbikizi. Motisha inaendelea kushuka kwa Sh5,000. Kwa hiyo kila mwezi deni la pamoja linapungua kwa Sh9,000, na Sh540,000 zikipunguzwa Sh9,000 kwa miezi 60 zinakwisha kabisa tarehe 30 Septemba 2030, siku mkataba unapomalizika. Hicho ndicho kipimo cha kujua kama hesabu ni sahihi. Kikibaki kitu chochote mwishoni, au deni likiisha mapema, basi ama miezi imehesabiwa vibaya, ama kuna malipo yaliyosahaulika kwenye orodha.

Tuwatazame ndugu hao tarehe 31 Desemba 2025. Wamekuwa na chumba kwa miezi 6, kwa hiyo gharama ya pango ni Sh450,000. Wamemlipa landilodi miezi mitatu, Sh252,000, na yeye aliwapa Sh315,000. Maana yake katika nusu mwaka landilodi ametoa Sh63,000 zaidi ya alizopokea. Deni kwenye mizania ni Sh513,000, yaani gharama ya Sh450,000 pamoja na hizo Sh63,000. Sh108,000 za deni hilo zitapungua ndani ya miezi 12 ijayo, na Sh405,000 zinazobaki ni za muda mrefu.

Sasa fikiria wangefuata benki tu. Daftari lingeonyesha pango la Sh252,000 na mapato ya Sh315,000 kutoka kwa landilodi. Faida ya mwaka ingezidi ukweli kwa Sh513,000. Mwaka 2026 mambo yangegeuka: pango lililolipwa ni Sh1,008,000 wakati gharama halisi ni Sh900,000, na duka lingeonekana limedorora kwa Sh108,000 hata kama limeuza vizuri zaidi. Hiyo tofauti huumiza watu. Ndugu wakigawana faida mwisho wa 2025, watakuwa wamegawana pesa ambazo miaka inayofuata ilipaswa kuzipata. Mmoja akijitoa Januari 2026 na kununuliwa hisa yake kwa kipimo cha faida hiyo, aliyebaki amelipa zaidi ya haki na atabeba pango la juu peke yake. Na afisa wa mkopo wa benki au sacco akipima uwezo wa kulipa kwa kutumia mwaka huo, mkopo utakuwa mkubwa kuliko duka linavyoweza kuubeba.

Mchango wa matengenezo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo hata wahasibu hubishana. Tuseme rafu, kaunta na bango viligharimu Sh480,000. Ndugu waliagiza wenyewe, walimlipa fundi wenyewe, na vitu hivyo ni vyao. Mchango wa landilodi ni motisha, na hesabu iliyotangulia inatumika. Rafu zinaandikwa kama mali kwa Sh480,000 kamili, si kwa Sh165,000 zilizobaki baada ya kutoa mchango. Uchakavu wake unagawanywa kwa umri wa rafu au muda wa mkataba, uchukuliwe ulio mfupi, ikiwa zitaachwa humo mkataba ukiisha.

Lakini mara nyingine pesa si motisha hata kidogo. Landilodi akiweka sakafu ya saruji, mlango wa chuma wa kukunja, choo na mita ya umeme, anamalizia jengo lake. Mpangaji akiombwa asimamie fundi na kununua saruji kwa niaba yake, kisha akarudishiwa pesa, amerudishiwa tu alichomtangulizia landilodi: inaandikwa kama deni analodai, na likilipwa linafutika bila kugusa pango. Maswali yanayotenganisha hali hizi mbili ni ya kawaida: ni nani aliyeamua kitu gani kiwekwe, gharama ikizidi ni nani anayebeba, na kitu hicho ni cha nani mpangaji akihama? Ubishi huu umefika mbali. Kiwango cha IFRS 16 kilikuja na mfano wa 13 uliotaja marejesho ya matengenezo ya duka kwa namna iliyowachanganya wasomaji, na Mei 2020 bodi ya viwango ikakiondoa kipande hicho kwenye mfano. Kwa mpangaji wa Voi dawa ni sentensi moja kwenye mkataba inayosema pesa ni za nini na vitu vitakuwa vya nani.

Kinyume cha motisha nacho kipo, na katika miji ya Kenya kinajulikana sana: gudwili. Mpangaji mpya hulipa kitita ili apate chumba kizuri karibu na stendi au soko. Kikilipwa kwa landilodi, hicho nacho ni bei ya muda wote wa mkataba. Kinajumlishwa kwenye malipo kabla ya kugawanya, na sehemu isiyotumika inakaa kwenye mizania kama malipo ya awali. Amana ya pango itakayorudishwa mwishoni haimo katika hesabu hii. Ni mali ya mpangaji iliyo mikononi mwa landilodi.

Kwa anayetumia IFRS 16, tuseme tawi la kampuni kubwa lililokodi chumba kile kile kwa masharti yale yale, hakuna akaunti ya pango limbikizi wala ya motisha iliyoahirishwa. Siku ya funguo, malipo yote 60 yanapunguzwa hadi thamani ya leo kwa kiwango cha riba ambacho mpangaji angekopea pesa kama hizo. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, fomula ni hii:

```
=PV(1%,60,-84000,0,1)/(1+1%)^3
```

Jibu ni kama Sh3,702,000, na hilo ndilo deni la upangaji. Miezi ya bure imekwisha kuhesabiwa humo, kwa sababu haina malipo na imeyasogeza mengine mbele. Ndiyo kazi ya kile kigawanyo cha mwisho chenye miezi mitatu. Mchango wa Sh315,000 ukipokelewa siku hiyo unaondolewa kwenye mali ya haki ya kutumia, ambayo inabaki kama Sh3,387,000. Mali hiyo inashuka kwa uchakavu wa karibu Sh53,800 kila mwezi kwa miezi 63. Deni nalo linaongezeka kwa riba hata katika ile miezi mitatu isiyolipiwa, kutoka Sh3,702,000 hadi karibu Sh3,814,000 tarehe 1 Oktoba, kabla malipo hayajaanza kulipunguza.

Gharama ya mwezi wa kwanza, uchakavu na riba pamoja, ni kama Sh90,800, wakati kwenye njia ya biashara ndogo ni Sh75,000. Mwezi wa mwisho unabaki na uchakavu peke yake. Lakini ukijumlisha miezi yote 63 unapata Sh4,725,000 ile ile. Anayekagua aanze na jumla hiyo. Kosa la kutafuta kwenye vitabu vya IFRS 16 ni motisha kuhesabiwa mara mbili, mara moja kwenye mali na mara ya pili kama akaunti ya zamani iliyoachwa tangu kabla ya 2019. Mkataba wa miezi 12 au pungufu usio na haki ya kununua unaweza kuachwa nje ya hesabu hii na kugawanywa sawasawa: duka la Sh24,000 kwa mwezi lililokodiwa kwa miezi 12, mmoja ukiwa wa bure, linagharimu Sh22,000 kila mwezi.

Msamaha unaokuja katikati ya mkataba ni habari nyingine. Aprili 2020 treni za abiria za Madaraka Express zilisimamishwa kwa sababu ya korona na zikarudi Julai. Msamaha wa pango uliotolewa wakati kama huo haukuwa sehemu ya mapatano ya mwanzo. Bodi ya viwango iliwapa wapangaji wa IFRS 16 njia ya mkato mnamo Mei 2020, ikaiongeza mwaka uliofuata, na ilihusu tu malipo yaliyopaswa kufanywa hadi tarehe 30 Juni 2022. Tangu hapo landilodi na mpangaji wakibadilisha masharti, deni linapimwa upya kwa riba ya siku ya makubaliano. Kwa biashara ndogo, hesabu ya zamani isirudiwe tangu Julai 2025. Mpangaji achukue malipo yaliyobaki, atoe deni lililo kwenye akaunti zile mbili siku ya makubaliano, kisha agawanye kwa miezi iliyobaki. Makubaliano yawe ya maandishi, hata barua ya nusu ukurasa. Bila hiyo mkaguzi ataona tu pango ambalo halijalipwa.

Kwa KRA, mgawanyo huu haubadilishi shilingi iliyotoka wala ankara zilizotolewa, kwa hiyo mpangaji aweke jedwali la tofauti kati ya gharama ya vitabuni na pango lililolipwa kila mwaka, ili mshauri wake wa ushuru aone mara moja cha kurekebisha. Anayelipa ushuru wa mauzo ghafi, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3, haruhusiwi kupunguza pango hata hivyo. Kwake mgawanyo ni kwa ajili ya kuijua faida yake na kuwaonyesha wanaomkopesha.

Imebaki siku ya kuhama mapema. Mikataba yenye mchango mara nyingi ina kipengele kwamba mpangaji akiondoka kabla ya muda, atarudisha sehemu ya mchango ambayo muda wake haujaisha. Tuseme landilodi anakubali ndugu wale watoke tarehe 30 Juni 2028, baada ya miezi 36. Pango limbikizi limebaki Sh108,000 na motisha iliyoahirishwa Sh135,000. Miezi 27 iliyobaki kati ya 63, mara Sh315,000, ni Sh135,000 kamili, na hizo wanamrudishia landilodi: motisha inadebitiwa, benki inakreditiwa, na faida haiguswi. Pango limbikizi la Sh108,000 halidaiwi tena na mtu, kwa hiyo linaondolewa kwenye mizania na kuingia kwenye hesabu ya faida ya mwaka huo. Rafu zitakazobaki humo nazo zinafutwa kwa thamani yake ya siku hiyo. Kama landilodi anadai faini ya kuvunja mkataba, faini hiyo ni gharama ya mwaka wa kuhama, hata ikilipwa kwa awamu.